Nilivyolieleza darasa zima jinsi alama zao zilivyopanda

Wenzangu walinishauri nisieleze chochote. Bandika matokeo, wakasema, andika kwamba alama zimesawazishwa, basi. Ushauri mbovu huo. Darasa la mamia ya watu likiona alama zimebadilika bila maelezo, kila mmoja atajitungia sababu yake.

Wastani wa mtihani wa mwisho ulitoka 50, na wa mitihani ya nyuma ya kozi hiyohiyo ulikuwa ukizunguka 65. Nikachagua mstari ulionyooka: aliyepata 50 apate 65, na mwenye 100 abaki na 100. Kanuni ikawa hii:

```
mpya = 30 + 0.7 × ghafi
```

Kabla ya kutuma barua pepe ya maelezo, rasimu yake ya kwanza, iliyosema tu kwamba wastani umepandishwa kutoka 50 hadi 65, nilimpa msaidizi wangu ambaye hakuwa amehusika. Nikamwomba akokotoe kwa mkono alama ya mwanafunzi wa kubuni: kazi za muhula 28 kati ya 40, mtihani 40 kati ya 100. Akaongeza 15 kwenye jumla, akanipa 67. Jibu sahihi ni 63. Mtihani unapanda kutoka 40 hadi 58, lakini una uzito wa asilimia 60, kwa hiyo kati ya zile 18 zinaingia 10.8 tu. Jumla inatoka 52 hadi 62.8, na tunakadiria mara moja tu, mwishoni. Hesabu hiyo nikaiingiza nzima kwenye barua pepe. Tumia alama za kubuni, kamwe si za mwanafunzi halisi, hata ukificha jina.

Niliandika pia kwamba hakuna aliyeshuka, na kwamba ambaye hakufanya mtihani anabaki na sifuri, hapati ile 30.

Sehemu ninayojivunia zaidi ni ile ambayo wengi huiruka. Mstari huu haubadilishi nafasi za watu kwenye mtihani, ila kwenye jumla unaweza kuzibadilisha. Mwenye kazi 30 na mtihani 70 alikuwa na 72, na mwenye kazi 35 na mtihani 60 alikuwa na 71. Baada ya kusawazisha, wa kwanza ana 77.4 na wa pili 78.2. Tofauti ya alama 10 za mtihani imebanwa ikawa 7, lakini za kazi za muhula hazikuguswa. Nililisema hilo waziwazi, kwa mfano huohuo, kabla halijagunduliwa na mtu aliyepitwa.

Waliopitwa waliandika kweli, wachache. Lakini walikuja na hesabu zao zimekamilika, wakiuliza kwa nini nilitia nanga kwenye 100 badala ya kumwongezea kila mtu 15. Nikawajibu: kwa njia hiyo, mwenye 92 angepata 107.