Nilivyoiandika barua ya nahodha usiku wa bamvua

Nilikuwa na hadithi fupi iliyokwama kwa sababu ya barua moja. Nahodha wa jahazi lililopwelewa Nungwi, shehena yake saruji ya kupelekwa Mkoani, anaamua kutoka na kusi kali kwenda kuitafuta mashua ya wavuvi isiyorudi. Uamuzi huo anawaandikia mabaharia wake. Sasa nahodha wa jahazi anaandika barua ya nini? Mabaharia wake ni wachache, wote wanalala pale pale sitahani. Akikohoa tezini, aliyeko omo anamsikia. Bila ya jibu la hapo, barua ingekuwa pambo tu.

Nikamwendea mzee mmoja hapa kwetu Pemba, nahodha wa zamani wa majahazi. Nilimsimulia kisa bila ya kumsomea chochote. Akaniuliza mashua imeonekana wapi mara ya mwisho, na saa ngapi. Nikamwambia nje ya ras ya Nungwi, saa kumi na mbili magharibi, tanga limechanika. Akaniuliza tena, mwezi wa ngapi? Nikasema mwezi kumi na nne, maana nilitaka mbalamwezi. Akacheka: basi umeshajiwekea saa zako mwenyewe.

Alikuwa na maana ya bamvua. Unguja, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa nne. Kina hupanda na kushuka kwa mita nne hivi, kwa hiyo chombo kilichoegeshwa ufukweni saa nne za usiku kiko mchangani kabisa, kimesimamishwa kwa miti ya magadi. Hakitikisiki mpaka maji yakirudi.

Hapo ndipo nilipopata sababu ya barua. Saa nne usiku baharia anaweza kushuka kwa miguu, mkeka wake kwapani, akenda zake kijijini bila ya kulowa. Saa kumi alfajiri hawezi tena. Zile saa sita za katikati ndizo muda wa kila mtu kuamua. Nahodha akiwapo, nani atashuka mbele ya macho yake? Kwa hiyo anaandika, anamkabidhi sarahangi, mkuu wa mabaharia, kisha anaondoka akalale kwa jamaa yake. Barua inasomwa yeye hayupo.

Hesabu ya mkondo nayo nilipewa na mzee, na naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyoubeba uamuzi wote. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na kusi likivuma huwa mkali zaidi. Tuseme ni maili mbili za baharini kwa saa. Kutoka saa kumi na mbili magharibi hadi saa kumi alfajiri ni saa kumi, kwa hiyo mashua imeshasogea maili ishirini. Jahazi likitoka na mwendo wa maili sita kwa saa, mtu atataka kuujumlisha mkondo humo. Mzee alikataa. Mkondo unawabeba wote wawili sawasawa, kwa hiyo usiutie. Hesabu mwendo wa chombo majini peke yake: maili ishirini kwa mwendo wa sita ni saa tatu na kitu. Upepo nao unaisukuma mashua kidogo, basi weka saa nne. Kwenye saa mbili asubuhi watakuwa usawa wa Chake Chake, katikati ya mkondo wa Pemba, ile bahari iliyo kati ya Pemba na bara, pahala ambapo kutia nanga ni ndoto kwa jinsi palivyo na kina.

Na hatari iko wapi? Wengi tungeiweka kwenye kwenda. Mzee akasema kwenda ni rahisi mno, upepo na mkondo vyote viko nyuma yako. Tatizo ni kwamba huwezi kurudi Nungwi. Utapiga bisho kutwa na mkondo utakuwa unakurudisha kule kule. Ukishatoka umebakiwa na Wete, na ukiikosa Wete, kinachofuata ni maji ya Kenya. Jingine ni kuendesha chombo upepo ukiwa tezini: sukani ikiteleza kidogo tu, upepo unaingia upande wa pili wa tanga, foromali, ule mti unaobeba tanga, inaruka na kuweza kuondoka na mlingoti.

Basi nikaandika. Hadithi ni ya miaka ya kabla ya simu za mkononi. Sarahangi anasoma kwa kandili, ingawa mbalamwezi ingetosha:

"Kwa Sarahangi na mabaharia wote. Assalamu alaykum.

Mashua ya watu wa hapa imechanika tanga nje ya ras, ina watu wanne. Hakuna chombo kingine hapa cha kutoka na upepo huu. Nimeamua kuwafuata.

Maji yatajaa saa kumi alfajiri. Chombo kikielea tu, tunatoka. Kwenda tutasukumwa, kurudi Nungwi hakuna. Tukiwapata au tukiwakosa, ikifika saa nne asubuhi omo tunaielekeza Wete. Tukiikosa Wete, siahidi kitu.

Tutatweka tanga dogo. Sukani nitashika mwenyewe. Asisimame mtu chini ya foromali. Nusu ya saruji ishushwe sasa hivi maji yakiwa nje, nusu ibaki iwe farumi. Tajiri ataniuliza mimi.

Nahitaji watu watano. Ujira wa safari hii nimeuacha kwa imamu wa msikiti wa pwani. Atakayeshuka atapewa sawasawa na atakayekwenda. Mwenye mke mja mzito ashuke, na hilo si ombi. Nitarudi chomboni saa tisa. Sitauliza nani yuko wapi."

Ile aya ya ujira haikuwamo mwanzo. Ni mzee aliyeidai. Alisema nahodha anayewaachia watu hiari huku pesa zao amezishika mkononi hajawaachia hiari yoyote. Nilipoitia, barua ikawa na uzito ambao maneno ya ushujaa yasingeupata. Nilikuwa nimeandaa sentensi mbili tatu za kishujaa, nikaziacha. Msomaji wa Pemba hahitaji kuambiwa bahari ya Nungwi ni nini. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 MV Spice Islander I ilizama ikija huku kwetu, na nyumba nyingi zina jina la mtu wa siku ile. Ukimpigia makelele ya mawimbi atafunga kitabu.

Baada ya barua nilitaka mabaharia wabishane. Nikaona hapana, wana kazi: mifuko ya saruji ya kilo hamsini inashushwa mabegani, mmoja mmoja, na maji yanarudi. Mpishi ndiye anayesema neno la kwanza, anauliza apike wali wa watu wangapi. Hakuna anayemjibu. Anapima pishi moja, anatazama waliobaki, anaongeza kibaba. Mwenye mke mja mzito anabeba mifuko mpaka wa mwisho, ndipo anaposhuka, na maji yameshamfika magotini.

Nilimsomea mzee sehemu yote hiyo. Alisikiliza kimya hadi mwisho, kisha swali lake likawa la saruji: nusu ile iliyobaki ufukweni imefunikwa kwa nini, na mvua ikinyesha kabla tajiri hajafika Nungwi, nani atailipa? Sikuwa na jibu. Sura ninayoiandika sasa ni ya tajiri kupata habari, na hadi hapa nilipofika bado anapiga kelele.