Timu ipo, mlango ndio haupo

Jumamosi usiku, Mikindani

Wiki hii nimeiona kwa macho yangu. Timu ya mtoto wa kaka yangu bado ipo: jina lilelile alilolichagua, nembo ileile, kiwango kilekile alichofikia kabla simu haijaharibika. Ipo kwenye simu ya rafiki yake, katika orodha ya wanachama wa klabu yao ya gemu la mpira, na pembeni pameandikwa kwamba mwenyewe hajaonekana siku nyingi. Kijana aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Shangazi, kama haijafutwa, mbona siwezi kuingia?"

Nimelala nalo swali hilo kichwani, au tuseme nimeshindwa kulala nalo. Wiki nzima watu wazima wamemwambia kwamba gemu limefutika, aanze moja, maisha yaendelee. Wanamwambia hivyo kwa upendo, lakini si kweli, na mtoto wa miaka 15 anastahili kuambiwa kilichompata.

Simu yake ilianza kujizima na kujiwasha, ikawa inakwama kwenye nembo ya kampuni. Tukaipeleka mjini Mtwara kwa fundi, akasema mfumo umekufa, akaiflashi. Simu ikapona vizuri tu. Kijana akaweka bando, akapakua gemu, akabonyeza `Guest`, yaani kuingia kama mgeni, kama alivyozoea. Akapokewa na mafunzo ya kupiga pasi. Kazi ya zaidi ya mwaka, wachezaji aliowapata mmoja mmoja kwa kushinda mechi, hakuna hata mmoja.

Unapobonyeza `Guest` kwa mara ya kwanza, seva ya gemu, yaani kompyuta ya kampuni yenye gemu, inakufungulia akaunti yenye namba, halafu inaipa simu yako msimbo mrefu wa siri ambao wewe huuoni. Msimbo huo unakaa katika hifadhi ya gemu ndani ya simu. Kila unapofungua gemu, simu inautoa, seva inakutambua, unakuta timu yako. Wachezaji, sarafu na kiwango havikai kwenye simu, vinakaa kwenye seva. Kwenye simu kuna ule msimbo tu.

Nilimweleza kwa korosho, maana huku hilo kila mtoto analijua. Mzigo wako uko ghalani, wewe umeshika stakabadhi. Stakabadhi ikipotea, jina lako bado limo kwenye daftari la chama, utahangaika lakini utajulikana. Aliyeingia kama mgeni amepeleka mzigo bila jina kuandikwa popote. Magunia yapo, hakuna anayeweza kusema ni ya nani. Na ukibonyeza `Guest` kwenye simu iliyosafishwa, seva haina namna ya kujua kwamba ni yuleyule wa mwaka jana. Inafungua akaunti nyingine ya mgeni mwingine.

Akanipinga, na alikuwa na hoja. Aliwahi kulifuta gemu ili kupata nafasi ya picha, akalirudisha baadaye, na timu ikarudi yote. Kwa nini siku ile ilirudi?

Hapo ndipo wengi wanapopata imani isiyo na msingi. Magemu mengine, pamoja na ule msimbo, huitambua simu kwa kitambulisho ambacho Android yenyewe inakitoa. Tangu Android 8, kila programu inapewa cha kwake, na kwa kawaida hakibadiliki hata ukiifuta programu na kuipakua tena kwenye simu hiyohiyo. Ndiyo maana alirudishiwa timu yake. Lakini simu ikirudishwa ilivyotoka kiwandani, kitambulisho hicho kinabadilika. Kuflashi kuliondoa msimbo na kitambulisho kwa pamoja, na kwa seva ile ikawa simu ngeni kabisa. Kwenye gemu lisilotumia kitambulisho hicho, hata kugusa `Clear data` kwenye mipangilio kunatosha kukutoa. `Clear cache` haina shida hiyo, ila vitufe hivyo viwili mara nyingi vimekaa jirani.

Kuna nakala ya akiba ambayo Android inaituma kwenye akaunti ya Google, ingeweza kusaidia kama mtengenezaji wa gemu ameruhusu. Ila kwa kawaida inasubiri simu iwe imetulia na iko kwenye Wi-Fi. Simu ya kijana huyu imeishi kwa bando tangu inunuliwe.

Tukajaribu kudai. Kwa simu ya rafiki yake tulifungua wasifu wa ile timu, tukaipata namba ya mchezaji. Tukaandika kwa huduma kwa wateja kupitia gemu jipya. Wakataka namba hiyo, aina ya simu, mwezi aliofungua akaunti, na stakabadhi ya kitu chochote alichonunua, yaani ile namba ya oda ya Google Play inayoanza na `GPA`. Tulikuwa na yote isipokuwa ya mwisho, kwa sababu hajawahi kununua kitu. Wakajibu kwa adabu kwamba hawawezi.

Ninaelewa kwa nini hawakubali namba peke yake. Sisi wenyewe tumeisoma kwenye simu ya mtu mwingine, na mwizi angeweza kuisoma vilevile. Lakini inaniuma kwamba ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni pesa. Aliyelipa mara moja ana karatasi ya kuonyesha, aliyetoa saa zake zote za jioni hana. Wangeweza kumwonya mgeni mapema, anapofika kiwango fulani, kwa maneno makubwa yanayoziba skrini. Matangazo ya kuuza sarafu yanaziba skrini kila siku.

Wakati tunasubiri jibu nilimzuia asiiunganishe akaunti mpya na barua pepe yoyote. Kwenye gemu lile barua pepe moja inashika akaunti moja, na kama wangeturudishia ya zamani tungekuta nafasi imeshachukuliwa. Jibu lilipokuja ndipo tukaunganisha, na hapo likaibuka jingine: Gmail iliyokuwa kwenye simu ilifunguliwa na fundi baada ya kuiflashi, na nywila yake hakuna anayeijua. Kuunganisha na hiyo kungekuwa kujifunga upya. Tukafungua yake, ya kurejeshea ikawa namba yangu, nywila ikaandikwa kwenye daftari linalokaa kwangu.

Kisha tukapima. Nilipakua gemu kwenye simu yangu, akaingia kwa Gmail yake mpya. Likauliza lihifadhi maendeleo yapi, ya kwenye simu hii au ya kwenye akaunti. Nilimwambia asibonyeze kwa haraka, asome kiwango kilichoandikwa chini ya kila moja, kwa sababu ukichagua ya simu ambayo ni tupu, unaweza kuifunika ile yenye timu. Akachagua ya akaunti. Timu yake changa ikafunguka kwenye simu yangu, na hapo nikaamini kwamba imeunganishwa kweli.

Kaka naye nimemkuta anacheza gemu la karata. Nikamwomba simu, nikafungua mipangilio: kitufe cha `Link` bado kinang'aa, yaani naye hajaunganisha. Jumatatu anakwenda Newala, na simu yake chaji inaishia njiani, kioo kimepasuka. Kesho baada ya chai ya asubuhi namfungulia Gmail, akitaka asitake.