Rili iliyosahaulika

Leo nilikuwa namalizia video ya kumbukumbu ya marehemu mwalimu wa kwaya. Kwenye boksi la picha nililoletewa na familia, chini kabisa ya albamu, kulikuwa na kasha la bati ambalo hakuna aliyelikumbuka.

Nilipolifungua nikakuta rili ya filamu, na harufu ya siki ikanipiga puani.

Hiyo ni dalili ya filamu ya asetati iliyoanza kuoza. Hutoa asidi ya siki, kisha inasinyaa. Mashimo ya pembeni hayakai tena sawasawa kwenye meno ya projekta, na ukilazimisha, inachanika. Kwa hiyo projekta sikuigusa. Nilimpelekea fundi mwenye skana isiyo na meno, inayochukua fremu moja moja.

Ilikuwa Supa 8, dakika tatu hivi, haina sauti.

Mwanzoni mwalimu alionekana akirukaruka. Kompyuta iliicheza kwa fremu 24 kwa sekunde, na kamera nyingi za nyumbani za aina hiyo zilipiga 18. Nikarekebisha.

Akatulia. Mwendo ukawa wake.

Hapo ndipo nilipouona mkono wa kushoto. Wa kulia unaongoza kwaya, wa kushoto uko pajani, kidole gumba kinahesabu mapigo. Nilimtumia bintiye kipande hicho. Akajibu: "Hata mezani alikuwa anafanya hivyo."

Nimelia, jamani.

Sasa nishaurini: kipande hiki nikiache kimya, au niweke sauti ya kwaya yake chini? Mimi naegemea kimya.