Siku moja na chatiboti ya SACCOS: nyaraka mbili, majibu mawili

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye chatiboti wanajua nakaa siku nzima napiga stori na mashine. Mi nashinda na makaratasi jamani. Sera za mikopo, nyaraka za bodi, mihtasari ya vikao, fomu zilizoskaniwa zimepinda, na kila karatasi naiuliza swali lilelile, wewe unatumika kuanzia lini mpaka lini?

Saa 11 alfajiri niko macho, saa 12 nipo Kimara kwenye foleni ya mwendokasi, saa 2 kasoro nashuka Posta, chapati na chai ya mama pale chini, napanda ofisini. Mpaka saa 3 na nusu ni kuangalia maswali ya jana yaliyokosa majibu na kusajili faili mpya. Hapo hakuna stori.

Saa 4 kasoro inaita simu, dada wa dirisha la mikopo. "Kaka, nina mzee hapa ana skrinshoti, chatiboti yenu imemwambia anakopa mara tatu ya akiba, mi namwambia mara mbili, hataki kunielewa." Nikashuka mwenyewe. Mzee mwalimu mstaafu, nikampa shikamoo, akaniwekea simu mbele. Akiba yake milioni 4. Kwa mara tatu ni milioni 12, kwa mara mbili ni milioni 8, na hizo milioni 4 za katikati alishampigia fundi wa kupaua nyumba yake Chanika. Akaniuliza, "Mwanangu, hiki si chombo chenu? Sasa nimwamini nani?" Nikamwambia mzee wangu hapa dada ndiye yuko sahihi, mara mbili ndiyo inayotumika, na leo hii nitajua hilo jibu limetoka wapi. Aliondoka hajaridhika, na ana haki yake kabisa.

Kwa asiyejua, mwanachama akiuliza, mfumo unatafuta vipande vya nyaraka vinavyofanana kimaana na swali, halafu modeli inaandika jibu kutokana na vipande hivyo. Sasa kufanana hakujui kalenda. Kipande cha 2021 na cha 2024 vyote vinaongelea mkopo na akiba, na cha zamani kikiingia jibu linatoka la zamani, limenyooka, halina hata dalili ya wasiwasi.

Nikafungua kumbukumbu za lile swali. Kipande cha kwanza kilikuwa cha Sera ya Mikopo ya 2021, alama ya kufanana na swali 0.86. Cha pili muhtasari wa kikao cha Machi 2024, mjumbe anapendekeza mara mbili na nusu, 0.84. Cha tatu, 0.79, ndio waraka wenyewe uliobadilisha mambo, umesainiwa 20 Mei 2024, unaanza kutumika 1 Julai 2024. Yaani karatasi yenye ukweli ndio iko chini kabisa, na sababu ni lugha yake. Sera inasema wazi "mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba zake", inafanana na anavyouliza mtu. Waraka unasema "kifungu cha 7.2 kinafutwa na mahali pake kuwekwa maneno yafuatayo", maneno ambayo hakuna mwanachama atakayeuliza hivyo. Nyaraka za marekebisho karibu zote zimeandikwa hivi, ndio maana zinazama.

Lakini hapo bado modeli ilikuwa imepewa agizo kwamba ikikuta mgongano ifuate waraka mpya zaidi. Kwa nini haikufuata? Hii ilinila mpaka saa 7, umeme ukakatika katikati jenereta ikachelewa kuwaka, nikala wali maharage mezani huku naendelea. Kumbe kampuni iliyotujengea mfumo mwanzoni iliuweka uchukue tarehe kutoka kwenye faili, ile `CreationDate` ya PDF. Na tawi moja waliiskani upya sera ya 2021 mwaka 2025 kwa sababu nakala yao ilififia, wakaipandisha kwa jina `SERA YA MIKOPO FINAL MPYA.pdf`. Kwa hiyo kwa mfumo sera ya 2021 ndio changa kuliko zote, modeli ikatii agizo vizuri tu. Ndio maana nasema kila siku tarehe ya faili ni tarehe ya skana, tarehe ya sheria iko ndani ya karatasi na inabidi mtu aisome.

Mchana wote ukaenda hapo. Ukifuta sera yote ya 2021 umeharibu, waraka umegusa 7.2 peke yake, vifungu vingine vya wadhamini na marejesho vinatumika mpaka leo. Kwa hiyo lebo inakaa kwenye kifungu, sio kwenye faili. Kifungu cha 7.2 cha zamani nikakiwekea `inaisha` ya 2024-07-01, kipya nikakiandika kwa maneno kamili ya mwanachama anayekopa, kwa kunakili maneno ya waraka ndani ya sentensi ya sera, na mwanasheria wetu akapitia ndio kikaingia:

```json
{
  "waraka": "sera-mikopo",
  "kifungu": "7.2",
  "toleo": "2.1",
  "inaanza": "2024-07-01",
  "inaisha": null,
  "hali": "inatumika"
}
```

Tarehe naandika mwaka kwanza makusudi. Kwenye waraka imeandikwa 01/07/2024, sisi tunasoma Julai mosi, kuna programu inasoma Januari 7, na hapo unakuwa umeianzisha sheria karibu miezi sita kabla ya wakati. Na ule muhtasari wa kikao nikaupa hali ya `pendekezo`, hauingii tena kwenye majibu ya wanachama.

Halafu chujio, hili linapita kabla ya kutafuta:

```sql
hali = 'inatumika'
AND inaanza <= :tarehe
AND (inaisha IS NULL OR inaisha > :tarehe)
```

Ukichuja baada ya kutafuta, vipande vitano vya juu vinaweza kuwa vyote vya zamani, ukivitoa unabaki mikono mitupu wakati kifungu sahihi kilikuwa nafasi ya nane. Na hiyo `:tarehe` sio lazima iwe leo. Mwanachama aliyekopa 2022 akiuliza alikopa kwa masharti gani, inawekwa ya 2022, na jibu sahihi kwake ni mara tatu. Ndio maana hatufuti karatasi ya zamani, wenzangu kila mara wananiambia futa tu, nakataa.

Sijui ilikuwa saa ngapi nikaanza kujaribu, jua lilishashuka. Nikauliza swali la mzee kwa tarehe ya leo, mara mbili. Nikaweka 30 Juni 2024, mara tatu. 1 Julai 2024, mara mbili. Siku ya mpaka ndio ya kupima, katikati hata mfumo mbovu unapatia. Na kila jibu sasa linataja kifungu, toleo na tarehe ya kuanza, ili dada wa dirishani akibishiwa awe na cha kuonyesha.

Nimebakiwa na fomu ya wadhamini isiyo na tarehe wala toleo, inataka wadhamini watatu, sera inasema wawili. Hiyo siwezi kuibahatishia tarehe, nimeiweka `haijathibitishwa`, mtu akiuliza anapelekwa kwa ofisa, na barua ya kumuuliza katibu wa bodi nimeshaituma. Mzee nilimpigia kabla sijatoka, nikamsomea kifungu kizima na tarehe yake. Akasema sawa, kesho atakuja kujaza fomu ya milioni 8.