Nilivyopata gari ya kuvuta tela ya mawese, na madalali walivyonichosha

Kila nikisimama Mwandiga na tela nyuma lazima atokee mtu aniulize nilichaguaje gari, na kabla sijajibu kuna mwingine pembeni ashamjibu "chukua yoyote yenye injini kubwa." Hapana jamani. Injini ndo kitu nilichokiangalia mwisho kabisa.

Mimi nanunua mawese vijiji vya njia ya Manyovu, nashusha Kigoma mjini. Yaani mzigo unakuja wakati nateremka, sio wakati napanda. Dumu la lita 20 likijaa mawese, pamoja na plastiki yake, ni kama kilo 19. Madumu 40 ni kilo 760, tela tupu niliyoiwazia ni kama 300, jumla 1,060. Hiyo namba nilitembea nayo kichwani kila nilipoenda kuangalia gari, na ndo iliyowachosha madalali.

Wa kwanza alikuwa na gari ya juu kiasi, ya petroli, safi kweli, imetoka Japani haina muda mrefu. Namuuliza inavuta kilo ngapi, akatoa ile karatasi iliyokuja na gari kutoka Japani, kidole moja kwa moja kwenye G/Weight: 1,625. "Umeona bosi? Tani moja na nusu na chenji, tela yako hiyo inacheza tu." Nikacheka kimoyomoyo. Ile karatasi ina Weight, uzito wa gari tupu, hii ilikuwa 1,350. G/Weight ni hiyo hiyo 1,350 umejumlisha abiria, Japani wanamhesabu kila mtu kilo 55, siti tano ni 275, ndo unapata 1,625. Hamna tela hapo hata kidogo! Na kile kibati chake kule mbele kina modeli, namba ya chesisi, injini na rangi, basi.

Nikamuuliza, sasa bila breki inaruhusiwa ngapi? Akanishangaa. "Kaka, gari ina breki miguu yote minne, na ABS juu." Hapa ndo wengi wanapopotelea. Kwenye kitabu cha gari utakuta namba mbili za kuvuta, moja ya tela yenye breki na nyingine ya tela isiyo na breki, na breki zinazosemwa ni za TELA. Gari yenyewe wanajua ina breki, nani angeuza isiyo nazo. Pikapu inaweza kuandikwa 2,500 kwa tela yenye breki halafu 750 tu kwa isiyo na breki, gari ni hiyo hiyo moja. Gari ambayo haina maandishi mimi nafuata wanavyofanya Ulaya: tela isiyo na breki isizidi nusu ya uzito wa gari tupu, na hata gari iwe nzito vipi isipite 750. Ile ya dalali nusu yake ni 675. Toa tela 300, unabaki na 375, ambayo ni madumu 19. Kwa madumu 19 si bora nikodi bajaji mbili nikalale.

Hakuamini. Akasema twende tukajaribu, nikamwambia twende, maana nilikuwa nataka sana aone mwenyewe. Tukaazima tela ya jamaa isiyo na breki, tukapakia madumu ya maji mpaka tukakadiria inafika 750 hivi, tukaenda kwenye barabara ya changarawe, tambarare, hamna watu. Nikaweka jiwe pembeni. Kwanza gari peke yake, spidi 40, ukifika kwenye jiwe kanyaga. Ikasimama, nikahesabu hatua zangu, 16. Tukafunga tela, spidi ile ile, jiwe lile lile. Gari ikapita ile alama ya kwanza kama haijaiona, tela ikawa inasukuma matako ya gari yanaenda upande, vumbi kila mahali, ikasimama kwenye hatua ya 24 hivi, imekaa mshazari. Dalali katoka ameshika kiuno. Hamna maajabu hapo: gari na sisi ndani ni kama 1,500, ongeza 750 inakuwa 2,250, uzito umeongezeka nusu ila matairi yanayofunga breki ni yale yale manne, kwahiyo na umbali wa kusimama unaongezeka nusu. Hapo ni tambarare na spidi 40. Nenda kafanye hivyo kwenye mteremko wa Manyovu mvua imenyesha.

Ndo maana zile namba za majarida, kwamba gari fulani inasimama kwa meta kadhaa, kwangu mimi hazina kazi. Wanapima gari peke yake na dereva.

Gari niliyochukua ni pikapu ya dizeli iliyotoka Uingereza, sio nzuri kwa macho, bodi ina kutu pembeni. Nilichoipendea ni kibati. Magari ya kule yana namba nne zimepangana. Ya kwanza ni uzito wa mwisho wa gari ikiwa imepakia, yangu 2,800. Ya pili ni gari na tela kwa pamoja, 4,800. Mbili za chini ni ekseli ya mbele na ya nyuma. Toa ya kwanza kwenye ya pili unapata 2,000, hiyo ndo tela unayoweza kuvuta gari ikiwa imejaa. Sasa kitabu kinasema 2,500, na muuzaji ananiimbia 2,500. Ni kweli, ila hizo 500 zinapatikana ukiwa hujajaza bodi. Kwa 1,060 yangu nilikuwa na nafasi kote kote. Ukikuta namba ya pili haipo, jua hiyo gari kiwandani hawakuipitisha kuvuta.

Tela nikatafuta yenye breki, iliyotumika, ikanitoka kama milioni tatu na kitu pamoja na matengenezo. Breki zake ni za kusukumwa: ukipunguza spidi tela inaisukuma gari, ule mkono wa mbele unaingia ndani, unavuta waya, shuu zinabana kwenye ngoma za tela. Fundi wa Ujiji alinionyesha kuupima: sukuma mkono kwa nguvu uingie, ukiachia urudi taratibu. Ukiingia na kutoka kama droo, shokapu ya ndani imekufa, na tela itakuwa inakupiga vishindo kila ukikanyaga breki.

Halafu kuna kaujanja kangu. Nikimaliza mteremko nasimama, napeleka mgongo wa mkono karibu na rimu zote, sigusi. Za tela zote mbili zikiwa za moto kiasi, sawa. Za tela zikiwa baridi na za mbele za gari zinaunguza, ujue gari inafanya kazi peke yake. Tela ikiwa na moja moto na moja baridi, waya mmoja haujavutwa sawa, na siku ukikanyaga kwa nguvu itakuvuta upande.

Mzigo napanga madumu mengi usawa wa ekseli, machache mbele, mpaka mdomo wa tela ukae kwenye mizani ya kupimia watu usome kati ya kilo 60 na 100. Ukipungua sana tela inatikisa mkia. Na kurudi nyuma kwenye kilima hizi breki za zamani zinajibana zenyewe kwasababu mkono unasukumwa, kuna kakomeo ka kuuzuia, kashushe kwanza, kisha ukumbuke kukapandisha kabla hujaondoka.