Barua niliyompelekea mwenye duka wa Langoni kuomba mahojiano

Kazi niliyopewa chuoni ilikuwa uchunguzi kifani wa duka moja dogo: linauzaje kwa deni, na deni hulipwaje. Nilichagua duka la vyakula mtaa wa Langoni, Lamu, nikaomba kwa barua. Ukimwomba mwenye duka kwa mdomo wateja wakiwa wamesimama mbele yake, hana nafasi ya kufikiri. Atakwambia urudi kesho, na kesho itakuwa vivyo hivyo. Barua ataisoma duka likitulia, amwonyeshe na mwanawe, ndipo aamue.

Niliiandika hivi, ukurasa mmoja tu:

Kwa Mwenye Duka,
Langoni, Lamu.

KUH: OMBI LA MAHOJIANO YA DAKIKA 30 KUHUSU KUUZA KWA DENI

Assalamu alaikum. Mimi ni mwanafunzi wa biashara, mwaka wa pili. Nimepewa kazi ya kueleza jinsi duka moja dogo linavyouza kwa deni. Nimechagua duka lako kwa sababu wateja wake wengi ni majirani wanaonunua mchele na sukari kidogo kidogo.

Naomba kukuuliza mambo manne: ni nani hukopeshwa, deni huandikwa vipi, hulipwa lini, na hufanywa nini likichelewa. Sitauliza mapato, kodi wala leseni. Sitapiga picha daftari la madeni wala kuandika jina la mdeni yeyote.

Majibu nitayaandika kwa mkono, na sitarekodi sauti bila ruhusa yako. Jina lako na la duka sitalitaja. Unaweza kukataa swali lolote. Kabla sijampa mwalimu kazi hii, nitakuletea uisome.

Nakuomba siku moja wiki ijayo, kati ya Jumatatu na Jumatano, saa nne asubuhi, hapo hapo dukani. Akija mteja, nitangoja. Nitapita Alhamisi hii kuchukua jibu.

Wako mwaminifu, (jina, sahihi, nambari ya simu)

Aya iliyobeba barua nzima ni ya pili. Mtu asiyemjua akija na karatasi na maswali ya biashara, mwenye duka hufikiria kwanza mtoza kodi au askari wa kaunti anayekagua leseni. Ukiandika tu kwamba unataka "kujua hali ya biashara yako", umeithibitisha hofu hiyo. Ndiyo maana nilitaja maswali yenyewe, kisha nikataja nisichouliza. Maswali manne yanatosha dakika 30. Yakiwa kumi, majibu huwa ya neno moja moja, na kwa uchunguzi kifani majibu ya namna hiyo hayana kazi.

Daftari la madeni linahitaji uangalifu wake. Majina yaliyomo ni ya watu ambao hawakuniruhusu lolote, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawalinda wao pia. Mwenye duka naye ana lake la kuogopa: jirani akijua deni lake limesomwa na mgeni, atahamia duka jingine. Nilichohitaji ni mfano wa kiasi na muda, kwa mfano shilingi 400 zilizolipwa baada ya wiki mbili, na hayo husemwa bila daftari kufunuliwa.

Ahadi ya kuficha jina ni rahisi kuiandika, ila katika mji mdogo kama Lamu haitoshi. Ukiandika "duka la pembeni mwa msikiti fulani linalouza pia papa mkavu", kila mtu ameshalijua. Katika kazi yangu niliandika "duka la vyakula katika Mji wa Kale", nikaacha alama nyingine zote. Hilo ndilo analopaswa kulikagua unapomletea rasimu.

Saa nne niliichagua kwa kuwa pilikapilika za asubuhi zimepungua na adhuhuri bado. Mchana maduka mengi hufungwa kwa sala na mapumziko, na Ijumaa sikuigusa kabisa. Siku ya mzigo kutoka Mokowe pia haifai, punda wakiwa mlangoni na magunia yanahesabiwa. Ndiyo sababu nilitoa siku tatu achague mwenyewe.

Nilichapisha nakala mbili, nikaambatisha barua ya utambulisho ya chuo yenye muhuri. Nakala moja ilibaki kwake. Ya pili alitia sahihi na tarehe alipokubali, ikawa kiambatisho cha ruhusa katika kazi yangu. Wakati wa kukabidhi nilisema maneno machache: "Ami, nimekuletea barua, isome ukipata nafasi, nitarudi Alhamisi." Maswali sikuyaanza hapo, hata aliponiuliza ni ya nini, nilimwonyesha aya ya pili.

Acha angalau wiki mbili kati ya barua na siku ya kuwasilisha kazi. Alhamisi ikifika na jibu hakuna, uliza mara moja tu ni siku gani ingemfaa. Akisita tena, mshukuru, kisha ibadili aya ya kwanza ilingane na duka la pili na uipeleke huko.