Siku moja labo: namba 11.4 na mgonjwa mwenye macho ya manjano

Saa kumi na mbili asubuhi natoka Katuba, teksi-basi imejaa. Saa moja niko labo, hapa Lubumbashi, nimevaa blauzi nyeupe, nimepima kontroli za mashine na kutoa kaseti za kupimia kwenye friji zipate joto la chumba, kwa sababu kaseti baridi hutoa namba zisizoaminika. Hadi saa nne ni mikojo, hemoglobini, sukari. Kazi inaenda.

Saa nne na robo akaja papa mmoja dirishani na karatasi mkononi. Mdogo wake, kijana wa miaka kama thelathini, alikuwa amelazwa asubuhi hiyo. Karatasi ilitoka kliniki nyingine: PCT, yaani prokalsitonini, 11.4 ng/mL, CRP 180 mg/L. Siku mbili amechomwa sindano za antibiotiki, homa iko palepale.

«Mama, namba hii ni bakteria kwenye damu. Nimesoma. Ikipita 2 ni bakteria. Mpime tena sasa hivi ili munganga abadilishe dawa, ampe ya nguvu.»

Nikageuza karatasi, nikaigeuza tena. Hakuna mahali palipoandikwa gut epes. Homa, mwezi wa pili, mvua kila siku, na hawakumpima malaria! Hilo lilinichoma.

Nikamwambia aketi. Hakuketi. Kwa dakika arobaini alirudi dirishani, kila mara na sauti kubwa zaidi, na watu kwenye foleni wakaanza kumuunga mkono. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya darubini, mgongo unauma. Rangi ya Giemsa ilipokauka nikaona vimelea vya falsiparum uwanja mzima. Kwenye damu iliyotandazwa nyembamba kwenye kioo nikahesabu seli nyekundu 1,000: 61 zina kimelea. Hiyo ni asilimia sita, na kijana ana macho ya manjano. Malaria kali.

Nikatoka nje, nikamweleza papa taratibu. Prokalsitonini kwa mtu mzima wa afya hutoka kwenye tezi ya shingo, kidogo sana, chini ya 0.1. Bakteria wakiingia, ini na viungo vingine vingi huanza kuitoa kwa wingi, na kinachoviamsha ni sumu ya bakteria pamoja na ujumbe wa kemikali ambao seli za ulinzi hutumiana. Malaria kali huwasha ujumbe huohuo, hivyo namba hupanda bila bakteria hata mmoja. Virusi, kwa kawaida, haviipandishi hivyo. Majeraha makubwa na upasuaji huipandisha. Na CRP ndiyo haichagui kabisa: ini huitoa kwa karibu kila uvimbe mwilini.

«Kwa hiyo hana bakteria?»

Swali zuri, na jibu lake liliniumiza kichwa hadi jioni. Sijui, papa, namba hii haiwezi kusema. Anaweza kuwa na vyote viwili. Tungejua kwa kuotesha damu, lakini damu ya kuotesha huchukuliwa kabla ya antibiotiki, na yeye ameshachomwa siku mbili. Chupa zikinyamaza, huenda bakteria hawakuwepo, huenda dawa imewaua tayari.

Munganga alichagua hivi: dawa ya malaria, artesunati ya mshipa, mara moja, kisha baada ya saa 12 na saa 24, damu ikachukuliwa kwenye chupa mbili, antibiotiki ileile ikaendelea kwanza, bila kuongeza ya nguvu. Papa alitaka PCT nyingine mchana huohuo. Nilikataa. Ikiwa mwili umeacha kuitoa, inapungua karibu nusu kwa siku; kuipima baada ya masaa manne tu ni kumlipisha mtu kwa bure.

Halafu umeme ukakatika. Jenereta, friji, foleni, mtoto analia, sikumbuki tena ilikuwa saa ngapi nilipokula bukari iliyopoa. Kuna sampuli nyingine nilizipima kwa tochi ya simu.

Giza likiwa limeingia, papa alirudi, safari hii akaketi. Akauliza kesho tutatafuta nini. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: kesho kama 5 au 6, keshokutwa kama 3. Ikishuka kwa asilimia 80, yaani hadi 2.3 hivi, na kijana mwenyewe akiwa anakula na kukojoa vizuri, munganga anaweza kusimamisha antibiotiki. Ila dawa zote mbili zinaingia mwilini pamoja, kwa hiyo kushuka hakutatuambia ni ipi iliyofanya kazi. Ikibaki 11 au ikipanda, tutatafuta usaha uliojificha, mapafu, tumbo.

Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni mwa shati.

Kabla ya kufunga nilitazama chupa mbili kwenye inkubeta, nyuzi 37. Bado safi. Nikaandika jina kwenye mrija wa kesho asubuhi, saa nne na nusu, saa ileile tuliyomchukua damu leo.